Pazia la Jukwaa: Maandishi Yakae Wapi, na Kitambaa Kinakubali Nini



Kila mwaka yanapokaribia mahafali na Maulidi, kamati ya mapambo hupewa kazi ya pazia la nyuma ya jukwaa. Wengi huona kuwa ni kazi ya siku moja: kumpelekea mchapaji maneno, kumwambia ukubwa, na kurudi baada ya siku mbili kulichukua. Mwaka huu tuliamua kuanza mwezi mmoja kabla, tukiwa na futi kamba, uzi na chaki, na tumeombwa tuwaeleze wasomaji tulivyofanya ili madarasa yatakayotufuata, na madrasa jirani, wapate pa kuanzia.

Tuanze na jambo lililotusukuma. Angalieni picha za sherehe nyingi za mitaani kwetu. Msemaji amesimama mbele ya pazia, na kichwa chake kimeketi katikati ya neno. Mara nyingi ni jambo la kuchekesha tu, kama pale neno MAHAFALI linapobaki MA upande huu na LI upande ule. Lakini mambo si ya kuchekesha yanapokuwa maandishi ni ya Kiarabu. Kalima ya shahada ina sehemu mbili: ya kwanza inakanusha kila mungu, na ya pili inamthibitisha Mwenyezi Mungu. Kiarabu husomwa kutoka kulia. Msemaji akisimama mbele ya upande wa kushoto wa kalima, kinachobaki kusomeka nyuma yake ni ile sehemu ya kukanusha peke yake, na picha hiyo ndiyo itakayozunguka kwenye simu za watu. Hakuna aliyekusudia hivyo, ila aliyepanga pazia hakufikiria kwamba mbele yake atasimama mtu.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu pazia ni hili: vichwa vya watu vitafika wapi? Uzuri wake hufuata baadaye.

KICHWA KINAFIKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba mtu mwenye urefu wa sentimita 180, pamoja na kofia au kilemba chake, ataziba sentimita 180 za pazia. Sivyo. Mtazamaji aliyeketi chini humwangalia msemaji kwa kuinua macho, na mstari wa jicho lake ukishapita juu ya kofia unaendelea kupanda mpaka ugonge kitambaa. Kadiri msemaji alivyo mbali na pazia, na kadiri mtazamaji alivyo karibu na msemaji, ndivyo kichwa kinavyopanda juu zaidi kwenye maandishi.

Hesabu yake ni ya pembetatu zinazofanana, ambayo wanafunzi wa sekondari wameisoma. Jukwaa letu lina kimo cha sentimita 60 kutoka chini. Watoto wa safu ya mbele huketi kwenye mikeka, na mtoto wa miaka kumi akiketi jicho lake huwa kama sentimita 60 kutoka chini, yaani sawasawa na sakafu ya jukwaa. Hapo hesabu inakuwa nyepesi sana. Chukua urefu wa msemaji, zidisha kwa umbali wa mtoto hadi kwenye pazia, kisha gawa kwa umbali wa mtoto hadi kwa msemaji.

Kutoka safu ya mbele hadi kwenye pazia ni mita 5. Mazoea ni kukiweka kimeza cha msemaji mita 2 mbele ya pazia, kwa hiyo mtoto yuko mita 3 kutoka kwa msemaji. Mara 5, gawa kwa 3: sentimita 180 zinakuwa 300. Pazia letu lote lina urefu wa sentimita 300! Maana yake, mtoto wa safu ya mbele huona kofia ya sheikh ikigusa ukingo wa juu wa pazia, na hakuna mahali popote pa kuandika ambapo pangesalimika kwake.

Sasa rudisha kimeza nyuma, kiwe mita 1 tu kutoka kwenye pazia. Mtoto yuko mita 4 kutoka kwa msemaji. Mara 5, gawa kwa 4: kichwa kinafika sentimita 225. Kwa kusogeza kimeza hatua moja ndefu tumerudishiwa sentimita 75 za pazia bila kulipa hata shilingi. Kwa mzee aliyeketi mita 20 nyuma, kichwa hichohicho hakizidi sentimita 190 au zaidi kidogo. Basi anayetuamulia ni yule wa mbele kabisa. Hukupendelea kusogeza kimeza chini ya mita 1, kwa sababu msemaji anayenyoosha mikono atagusa kitambaa, na kivuli chake kitakuwa kikali.

Asiyependa hesabu atumie uzi. Mtu mmoja mrefu asimame mahali pa msemaji akiwa amevaa kofia. Mwingine aketi kwenye mkeka, ashike ncha ya uzi karibu na jicho lake. Uzi upite juu ya kofia ukiwa umekazwa, na wa tatu avute ncha ya pili mpaka ukutani au kwenye kamba iliyofungwa mahali pa pazia, aweke alama ya chaki. Tulifanya hivyo kwa watu wa safu ya mbele, wa pembeni na wa nyuma, na alama za chaki zilikubaliana na hesabu kwa tofauti ya vidole viwili vitatu.

Zile alama za chaki zilitufundisha jambo moja ambalo tunaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Tulipohama kutoka kushoto kwenda kulia kwenye safu ileile, alama ilihama sana kwa upande lakini haikupanda. Aliyeketi mita 5 kushoto mwa msemaji alikiona kichwa kikiwa mita moja na robo upande wa kulia. Aliyeketi kulia alikiona kimekwenda kushoto. Lakini wote, maadamu wako safu moja, walikiona kwenye urefu uleule wa sentimita 225.

Hivyo basi, desturi ya kuacha mraba mtupu nyuma ya kimeza, kisha kujaza maandishi kushoto na kulia kwake, haisaidii kitu. Mraba ule humfaa mtu mmoja tu, aliyeketi mbele ya msemaji moja kwa moja. Wengine wote wataona kichwa kikiwa juu ya maandishi ya pembeni. Kwetu sisi, ambako wanaume huketi upande mmoja na wanawake upande wa pili, karibu hakuna aliyeketi katikati! Eneo la kuachwa wazi liwe ukanda unaovuka pazia lote kutoka ukingo hadi ukingo, kuanzia chini mpaka pale kichwa kinapofika. Sisi tuliweka mpaka kwenye sentimita 230, na maandishi yote yakapanda juu yake.

Juu nako kuna mpaka. Sentimita 20 za mwisho huliwa na mfuko wa bomba, kamba na ukingo wa turubai la hema. Kwa hiyo nafasi halisi ya kuandika ilikuwa kati ya sentimita 230 na 280, yaani sentimita 50 tu kwenye pazia la mita 3. Wajumbe wengine walinung'unika kwamba tunalipia kitambaa kingi kisha tunaandika juu kidogo. Lakini kila mama anayejua kanga anaelewa jambo hili. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina halijazi mji wote. Tofauti ni kwamba kwenye kanga jina hukaa chini, na kwenye pazia la jukwaa lazima lipande juu.

Tusisahau spika. Hizi husimama chini pembeni mwa jukwaa, karibu sana na watu wa mbele, na kwa hesabu ileile spika iliyo juu ya stendi huziba pembe ya pazia kutoka chini hadi juu kwa yule aliyeketi nyuma yake. Wafadhili hupenda majina yao yaandikwe pembeni, na hapo ndipo yanapopotelea. Pembe tuliziachia mapambo matupu.

KAMERA NI MTAZAMAJI WA PEKEE

Siku hizi nusu ya watu wataiona sherehe kupitia kwa mpiga picha, na kina mama walio nyuma ya kizuizi hutazama kwenye skrini. Basi ujue mapema atakapoweka miguu mitatu ya kamera yake. Kwetu alikuwa mita 8 mbele ya kimeza na mita 2 upande wa kushoto. Kwa kamera hiyo kichwa cha msemaji kilihamia kulia sentimita 25 tu na kufikia urefu wa sentimita 190 hivi, kwa hiyo haikuwa na taabu na maandishi ya juu. Taabu yake ni nyingine: akisogeza picha karibu, maandishi ya juu hayaonekani kabisa, na mtu akiipata ile picha baada ya miaka hajui ni sherehe gani. Tulilitatua kwa kuweka nembo ndogo ya madrasa, isiyo na jina lolote takatifu, kwenye usawa wa bega, mita moja kutoka mahali kamera inapokiona kichwa. Hiyo ndiyo ruhusa pekee tuliyotoa ndani ya ukanda, na wa pembeni wakiona nembo imezibwa kwa muda hakuna kilichoharibika.

Kamera pia ndiyo iliyotuchagulia rangi ya chini. Pazia jeupe linapendeza machoni, lakini kamera ikikutana na weupe mwingi hujipunguzia mwanga, na sura za watu wetu zikawa nyeusi zisizotambulika. Isitoshe, mwenye kanzu nyeupe na kofia nyeupe mbele ya pazia jeupe hubaki sura na mikono inayoelea. Kijani cha majani makavu au buluu ya wastani, isiyong'aa, huzipokea kanzu na sura zote vizuri.

KITAMBAA NACHO KINA MASHARTI

Kuna mapazia ya plastiki na ya kitambaa. Plastiki ni rahisi na huchapwa kwa upana mkubwa, lakini inang'aa chini ya taa na ikikunjwa hubaki na mistari. Tulichagua kitambaa. Kinachotumika zaidi ni poliesta. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi na kitambaa hupitishwa pamoja kwenye mashine yenye joto la nyuzi 200 hivi, rangi inageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Ndiyo maana haibanduki wala haipasuki. Pamba haikubali rangi ya aina hii, kwa hiyo mtu asinunue marekani dukani akamletea mchapaji akidhani amebana matumizi.

Mashine hii haina rangi nyeupe. Weupe wote unaouona ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kuchapwa, na kwa hiyo huwezi kuchapa herufi nyeupe juu ya kitambaa cha kijani. Unachapa kijani juu ya kitambaa cheupe na kuacha herufi. Wala haina dhahabu. Dhahabu inayometameta kwenye kompyuta hutoka kitambaani ikiwa kahawia iliyochanganyika na haradali. Masheikh wetu walipenda sana maandishi ya dhahabu, na tulipowaonyesha kipande cha majaribio wakakubali manjano iliyoiva bila mjadala mrefu. Omba kila mara kipande cha majaribio, hata cha kiganja kimoja, kwenye kitambaa hasa kitakachotumika.

Sharti gumu zaidi ni upana wa jora. Mchapaji wetu ana jora la futi 5, yaani sentimita 152. Kingo mbili hazichapiki vizuri, kwa hiyo zinabaki 149. Toa sentimita moja na nusu kila upande za kushonea, na kipande kilichokamilika hakizidi sentimita 146. Sisi tulitaka pazia la mita 6. Vipande vinne ni sentimita 584, vinapungua kidogo. Vitano vinatosha na kuzidi.

Mchapaji alitushauri vinne, tukubali pazia dogo kidogo. Lakini vipande vikiwa vinne, mshono wa pili unaangukia katikati kabisa, mahali ambapo kila mtu anataka kuweka jina la madrasa. Mshono si mstari tu. Sindano ikikosea milimita tatu, herufi za Kilatini huonekana zimepinda kidogo, lakini herufi za Kiarabu zimeshikana, na mkono wa herufi ukikatika na kuruka hatua neno zima huonekana limevunjika. Vipande vitano vingetupa kipande kimoja kizima katikati, ila vilihitaji kitambaa zaidi. Kila kipande, pamoja na mapindo ya juu na chini, kinachukua mita 3.2, vitano ni mita 16, na hulipwa kwa mita.

Fundi wetu wa cherehani ndiye aliyetupa jawabu, na ni jawabu ambalo mafundi wa mapazia wanalijua siku zote. Chapeni mara nne, alisema, lakini ile ya nne igawanyeni katikati kwa urefu, nusu iende kushoto na nusu kulia. Nusu moja, baada ya kutoa mshono upande mmoja na pindo la ukingo upande wa pili, inabaki sentimita 70. Ongeza vipande vitatu vizima vya 146, unapata sentimita 578. Pazia limepungua sentimita 22 tu kwenye mita 6, tumetumia mita 12.8 badala ya 16, na katikati pana kipande kimoja kisicho na mshono.

Baada ya hapo maandishi yalijipanga yenyewe. Kipande cha kati kilibeba jina la madrasa kwa Kiarabu, lote ndani yake. Kipande kizima cha kushoto kilibeba neno MAHAFALI na cha kulia neno MAULIDI. Zile nusu za pembeni, ambazo spika huziziba, zilibeba pindo la mapambo. Hakuna herufi iliyovuka mshono. Pia hatukuweka mstari wowote mwembamba wa kulala unaokatiza vipande, kwa sababu hii: kitambaa husinyaa kwenye joto. Kikisinyaa asilimia moja, mita 3 zinapungua sentimita 3, na vipande viwili havisinyai sawasawa kila mara. Mstari ungeruka ngazi kwenye kila mshono. Mapambo ya maua yaliyotawanyika huficha tofauti hiyo. Tulimwomba mchapaji achape vyote siku moja kwenye jora moja, maana kijani cha leo si lazima kiwe kijani cha kesho. Na fundi alianza kushona kutoka juu, kwenye usawa wa maandishi, tofauti ikamalizikia chini miguuni ambako pindo hulimeza.

KUANDAA FAILI

Tulichora kwanza kwenye karatasi ya manila, sentimita 1 kwa kila sentimita 10, tukapiga mistari ya mishono na ya ukanda kwa penseli nyekundu. Faili la kompyuta nalo lilikuwa la kipimo hichohicho cha moja kwa kumi, na tuliandika wazi jina la kipimo hicho ili mchapaji asichape leso.

Ukubwa wa herufi unategemea wa nyuma kabisa. Kanuni inayotumiwa na waandika mabango ni sentimita 2.5 za herufi kwa kila mita 3 za umbali. Mkeka wetu wa mwisho uko mita 24, kwa hiyo herufi kubwa ziwe sentimita 20. Maneno ya mstari wa pili tuliyafanya sentimita 12, tukijua wa nyuma hawatayasoma. Kwa Kiarabu kanuni hii ina mtego: unaposoma fatha na shadda husomi urefu wa neno, unasoma alama ndogo iliyo robo ya neno au chini ya hapo. Ama neno likuzwe sana, ama liandikwe bila irabu kama majina ya misikiti yanavyoandikwa. Sisi tuliliandika bila irabu.

Picha nayo ipimwe. Picha ya msikiti iliyotumwa kwa simu ikapunguzwa mpaka upana wa pikseli 1,200, ukiitandaza kwenye mita 6 kila pikseli inakuwa nusu sentimita. Hiyo inaonekana kama vigae. Faili lenye pikseli 7,000 kwenda juu kwa upana lilitutosha, kwani hakuna anayelitazama pazia kwa karibu.

Na neno la Kiarabu lisitumwe kama maandishi. Kompyuta ya mchapaji ikikosa mwandiko ule, au programu yake ikiwa haikutayarishwa kwa Kiarabu, herufi huachana na kupangwa kutoka kushoto. Dalili ni rahisi kwa mwanafunzi yeyote wa madrasa: herufi zimesimama mojamoja kama kwenye somo la alifu. Mchapaji asiyejua kusoma hataona kosa lolote. Ligeuzeni neno kuwa mchoro kabla ya kulituma. Kwenye CorelDRAW ni `Convert to Curves`, na kwenye Inkscape ni `Object to Path`. Kisha mmoja wenu akasome kwenye skrini ya mchapaji kabla mashine haijawashwa.

Tulijadiliana sana kama tuweke aya. Tuliacha. Sababu si ya mapambo bali ya kitambaa chenyewe: pazia hushushwa usiku na vijana waliochoka, hutupwa sakafuni, hukanyagwa, na baada ya miaka miwili mtu huliomba la kufunikia kuni. Aya inafaa mahali ambapo inaweza kutunzwa. Jina la madrasa nalo lina neno la kuheshimiwa, ndiyo maana fundi alikiwekea kipande cha kati vishikizo vya kukikunjia ndani kwanza, kabla pazia halijashushwa chini.

KULITUNDIKA

Pazia hili lina eneo la mita za mraba 17, na upepo wa pwani wa jioni, wa mita 10 kwa sekunde, hulisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Hilo ni tanga, na mbele yake kuna watoto wa kasida. Fremu isisimame kwa miguu yake tu. Ifungwe kwa kamba nyuma, kila nguzo kamba mbili, kwenye vigingi au kwenye nguzo za jengo, na mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuziangalia. Bomba la chini huzuia kitambaa kupepea. Lakini upepo ukizidi, litolewe na kitambaa kiachwe kipepee, kwa kuwa ni bora maandishi yacheze kuliko nguzo ianguke. Taa za moto zikae mbali na poliesta, kwani huyeyuka.

Mwaka na tarehe hatukuzichapa. Ziko kwenye kipande kidogo cha urefu wa sentimita 12, kinachobandikwa chini ya jina kwa utepe wa kunasana, na hicho ndicho kitakachobadilishwa mwakani. Pazia lenyewe limezungushwa kwenye bomba la plastiki, uso ukiwa ndani, na liko juu ya kabati la maktaba. Funguo anazo katibu wa kamati.